Jinsi nilivyomzushia mwalimu mkuu shilingi milioni 38

Wadau, leo sitaandika siasa wala mpira. Leo nataka kukiri kosa nililolifanya kwa kubofya kitufe kimoja cha kompyuta, halafu niseme jambo ambalo naona sisi waandishi wa habari tunalikwepa. Tunaulizana sana kuhusu kumnukuu mtu vibaya. Hatuulizani kabisa kuhusu kulipanga jedwali vibaya, na mimi sasa naamini ni dhambi ile ile.

Kisa chenyewe kiko hivi. Nilipata faili la Excel lenye mgawo wa fedha za kukarabati madarasa katika shule za wilaya kadhaa za mkoa wa Morogoro. Kila mstari ulikuwa na wilaya, jina la shule na kiasi cha fedha. Mitari haikuwa na mpangilio wowote: Mvomero, halafu Kilosa, halafu Gairo, halafu Kilosa tena. Mhariri alitaka kitu rahisi. Alisema, "Dogo, niwekee shule zilizopata nyingi juu, na utaje wilaya." Ukurasa ulikuwa unafungwa saa kumi na moja jioni, na mimi nilifungua faili saa kumi na robo.

Nikabofya kichwa cha safu ya fedha ili safu nzima ichaguliwe, nikabofya alama ya kupanga kutoka kubwa kwenda ndogo. Excel ikaniletea kidirisha cha onyo, *Sort Warning*. Kinasema kwamba kuna data nyingine pembeni ya ulichochagua, na kwa kuwa hukuichagua, haitapangwa. Kinakupa njia mbili: *Expand the selection*, yaani panua uchaguzi uchukue na safu za jirani, au *Continue with the current selection*, yaani endelea na hicho hicho ulichochagua. Kompyuta yenyewe ilishaniwekea alama kwenye njia ya kwanza. Mimi, kwa haraka zangu, nikajiambia sitaki kupanua chochote, nataka kupanga fedha tu. Nikachagua ya pili.

Fedha zikapanda na kushuka. Majina yakabaki pale pale.

Kesho yake asubuhi gazeti liko mtaani. Saa nne simu ikalia.

"Shikamoo mwalimu," nikaitikia baada ya kujitambulisha kwake kuwa ni mwalimu mkuu wa shule fulani ya Mvomero.

"Marahaba, kijana wangu. Hizi milioni thelathini na nane ulizoandika nimepokea, umeziona wapi? Maana hapa nina mwenyekiti wa kamati ya shule na wazazi wanane, na wote wanauliza hilo hilo."

Alikuwa amepokea milioni tatu na laki sita. Fedha hizo ziliishia kwenye mabati ya darasa moja. Wazazi wale walikuwa wamesoma gazeti, wakaangalia madarasa yenye nyufa, wakafanya hesabu ambayo mtu yeyote angeifanya.

Ili mwone kilichotokea, nimetengeneza jedwali dogo la mitari sita. Majina ya shule nimeyafuta, kiasi nimekitunga kwa ajili ya mfano, na wilaya nimezitumia ili tu tuwe na kitu cha kushika. Msilichukue kama taarifa ya fedha za serikali.

```
Na  Wilaya    Shule         Kiasi
1   Mvomero   Shule A    3,600,000
2   Kilosa    Shule B   12,000,000
3   Gairo     Shule C    5,400,000
4   Kilosa    Shule D   38,000,000
5   Mvomero   Shule E    9,000,000
6   Gairo     Shule F    8,200,000
```

Sasa fanya nilichofanya mimi, panga safu ya mwisho peke yake:

```
Na  Wilaya    Shule         Kiasi
1   Mvomero   Shule A   38,000,000
2   Kilosa    Shule B   12,000,000
3   Gairo     Shule C    9,000,000
4   Kilosa    Shule D    8,200,000
5   Mvomero   Shule E    5,400,000
6   Gairo     Shule F    3,600,000
```

Angalieni jinsi linavyopendeza. Fedha zinashuka vizuri kama ngazi, hakuna seli tupu, hakuna alama nyekundu. Shule A, iliyokuwa ya mwisho kabisa, sasa inaongoza. Shule D, iliyopata milioni 38 kweli, imejificha katikati. Na kuna balaa jingine dogo: Shule B imebaki na milioni zake 12 kwa bahati tu. Kama ningesema nihakikishe kwa kupiga simu shule moja, na shule hiyo ikawa B, wangenijibu "ndiyo, ni sahihi", na mimi ningekwenda kunywa chai.

Hapa ndipo penye hoja yangu. Baada ya kupanga, nilifanya uhakiki. Nilijumlisha safu ya fedha na kulinganisha na jumla iliyokuwa kwenye faili la mwanzo. Zikalingana mpaka senti ya mwisho, nikaridhika. Lakini ni lazima zilingane! Kwenye mfano wetu jumla ni 76,200,000 kabla na ni 76,200,000 baada. Ukiwanyang'anya watu sita pesa zao na kuwagawia upya ovyo ovyo, jumla ya pesa chumbani haibadiliki. Uhakiki ambao vyumba vyetu vya habari vinautegemea kuliko wote, ule wa kuangalia kama jumla inakubali, hauna uwezo wa kuliona kosa hili.

Jumla za kila wilaya ndizo zingenishtua. Kwenye jedwali la kwanza Kilosa ina milioni 50, Gairo 13.6 na Mvomero 12.6. Kwenye la pili Mvomero imeruka hadi 43.4, Kilosa imeporomoka hadi 20.2 na Gairo imeshuka hadi 12.6. Jumla kuu haikusogea, wilaya zote tatu zimesogea. Nusu dakika tu ya kazi hiyo, na mwalimu yule angekula chakula chake cha mchana kwa amani.

Najua kuna wadau watasema hilo ni kosa la kitoto na mtaalamu hafanyi. Jamani, mwaka 2009 watakwimu wawili wa kituo cha saratani cha MD Anderson kule Texas, Keith Baggerly na Kevin Coombes, walichapisha uchunguzi wao kuhusu utafiti maarufu wa Chuo Kikuu cha Duke, uliodai kutabiri ni dawa gani ya saratani itamfaa mgonjwa gani kwa kuangalia jeni zake. Walikuta, pamoja na makosa mengine mazito, kwamba kwenye baadhi ya orodha majina ya jeni yalikuwa yameteleza kwa mstari mmoja. Kila jina lilikaa kwenye matokeo ya jirani yake. Wakati huo tayari kulikuwa na majaribio kwa wagonjwa yaliyojengwa juu ya kazi ile. Yalisimamishwa mwaka 2010. Wale walikuwa wanasayansi, sio kijana anayekimbizana na ukurasa wa saa kumi na moja.

Haya, turudi kwenye jedwali letu, maana mhariri hakuomba orodha ya namna ile hata kidogo. Ukiisikiliza vizuri kauli yake, alitaka wilaya na kiasi kwa pamoja. Msomaji wa Gairo hajali sana kama shule ya Kilosa imepata milioni 38. Anataka kuona ndani ya Gairo nani kapata nini. Hicho ni kupanga kwa vigezo viwili: kwanza wilaya kwa alfabeti, halafu ndani ya kila wilaya kiasi, kikubwa kikitangulia. Kigezo cha kwanza ndicho bosi. Cha pili kinaruhusiwa kusema pale tu ambapo cha kwanza kimefungana, yaani mitari miwili ikiwa ya wilaya moja.

Kwenye Excel, bofya seli moja yoyote ndani ya jedwali, usichague safu. Bonyeza `Ctrl+A` uone jedwali lote linachaguliwa. Nenda `Data`, halafu `Sort`. Hakikisha `My data has headers` ina alama ya tiki, ili mstari wa vichwa usitumbukie katikati ya shule. Kwenye `Sort by` chagua Wilaya, A to Z. Bofya `Add Level`, na kwenye `Then by` chagua Kiasi, na upande wa `Order` weka `Largest to Smallest`. Bofya `OK`. Utapata hivi:

```
Na  Wilaya    Shule         Kiasi
6   Gairo     Shule F    8,200,000
3   Gairo     Shule C    5,400,000
4   Kilosa    Shule D   38,000,000
2   Kilosa    Shule B   12,000,000
5   Mvomero   Shule E    9,000,000
1   Mvomero   Shule A    3,600,000
```

Kubwa kuliko zote sasa iko mstari wa tatu, na hivyo ndivyo inavyotakiwa. Mhariri wangu alipoiona alikunja uso, akasema haijapangika. Imepangika. Soma wilaya moja moja uone.

Sasa tazameni ile safu ya `Na` upande wa kushoto. Zamani niliiona ni pambo la makarani. Siku hizi siligusi jedwali la mtu kabla sijaiweka, 1 hadi mwisho, kwa namba zilizoandikwa na sio kwa fomula, kwa sababu inafanya kazi mbili. Kwanza, ukipanga kwa `Na` unarudi kwenye mpangilio aliokupa mwenye faili, hata kama umeshahifadhi na kufunga kompyuta. Pili, inakupa kipimo ambacho jumla ya kawaida haina. Kabla ya kupanga, andika hii kwenye seli iliyo mbali na jedwali:

```
=SUMPRODUCT(A2:A7,D2:D7)
```

Inazidisha namba ya kila mstari kwa kiasi chake, kisha inajumlisha. Kwenye mfano wetu inatoa 290,000,000. Namba hiyo haina maana yoyote duniani, usije ukaitangaza redioni. Kazi yake ni kuwa muhuri. Panga jedwali lote kwa vigezo viwili, muhuri unabaki 290,000,000, kwa sababu namba 4 bado imeshikana na milioni 38 hata kama zimehama pamoja. Panga safu ya fedha peke yake, muhuri unakuwa 170,400,000. Umeshajua mitari imevunjika kabla gazeti halijajua.

Onyo la Excel nililolipuuza ni zuri, lakini msilitegemee kama mlinzi wa usiku. Linatokea ukichagua safu moja iliyopakana na data nyingine. Ukichagua safu mbili kati ya nne, mathalani shule na kiasi, Excel inadhani unajua unachofanya na inapanga kimya kimya huku wilaya zikibaki nyuma. Kwenye Google Sheets ni hivyo hivyo: `Sort range` inapanga kile tu ulichokichagua, bila kuuliza. Na kuna ugonjwa wa ofisi zetu wa kuacha safu tupu katikati ya jedwali ili "lipumue". Kwa Excel, safu tupu ni mpaka. Ukibofya ndani ya jedwali na kupanga, kilicho ng'ambo ya safu ile hakihami na hakuna onyo. Futa safu tupu kwanza. Jedwali halina mapafu.

Mstari wa JUMLA nao utoe nje kabla. Mimi niliwahi kuusahau, na kwa kuwa neno JUMLA lilikuwa kwenye safu ya wilaya, likaketi kwa heshima zote kati ya Gairo na Kilosa, kama wilaya mpya iliyotangazwa usiku.

Kwa wanaotumia Google Sheets nina pendekezo ambalo naliona bora zaidi: usipange data ya asili kabisa. Iache kama ulivyopewa, halafu kwenye ukurasa mwingine wa faili andika fomula. Kama data iko kwenye ukurasa unaoitwa Asili, ni hivi:

```
=SORT(Asili!A2:D7, 2, TRUE, 4, FALSE)
```

Maana yake: chukua eneo lote, panga kwa safu ya 2 kwa kupanda, kisha safu ya 4 kwa kushuka. Eneo lote limetajwa kwa pamoja, kwa hiyo mstari unasafiri mzima. Na mtu akikuuliza umefanyaje, unamwonyesha fomula badala ya kumwambia "nilibofya bofya". Matoleo mapya ya Excel yana ndugu yake:

```
=SORTBY(Asili!A2:D7, Asili!B2:B7, 1, Asili!D2:D7, -1)
```

Pale 1 ni kupanda na -1 ni kushuka.

Msimamo wangu ndio huu, na najua wenzangu kadhaa hawatanipenda kwa hili. Kila mstari wa jedwali ni sentensi. "Shule A ya Mvomero ilipata 3,600,000" ni kauli kuhusu watu, na mtu anaweza kuulizwa kwayo na wazazi wanane. Nikibadilisha neno moja ndani ya nukuu ya waziri, mhariri wangu atanirarua. Lakini jedwali lenye mitari mia mbili linapita mezani kwake bila hata mmoja kulinganishwa na faili la asili, kwa sababu eti hiyo ni "kazi ya watu wa kompyuta". Chumba cha habari kinachochapisha majedwali kidai vitu viwili kwa mwandishi kabla ya kufunga ukurasa: faili la asili ambalo halijaguswa, na mitari mitano iliyochukuliwa popote kwenye jedwali lililopangwa, ikasomwa kwa sauti huku mtu mwingine akitazama faili la asili. Mitano, sio mmoja. Mnaikumbuka Shule B.

Gazeti lilichapisha masahihisho, ukurasa wa ndani, chini kushoto, sentensi mbili. Habari yenyewe ilikuwa ukurasa wa tatu. Niliona aibu, nikaamua kumpelekea mwalimu jedwali zima lililopangwa upya ili alibandike kwenye ubao wa matangazo wa shule. Nilipanga kwa vigezo viwili, muhuri ukakubali, nikachapa kwa herufi kubwa, nikampa kondakta wa basi bahasha.

Siku mbili baadaye simu.

"Kijana wangu, nimelipokea. Ahsante. Ila hebu niambie, ndani ya wilaya moja umesema fedha zinashuka?"

"Ndiyo mwalimu. Kubwa juu, ndogo chini."

"Basi hapa Mvomero zinashuka, zinashuka, zinafika laki tisa, halafu ghafla ni milioni sita, halafu zinaanza kushuka tena. Mvomero ziko mbili?"

Nikafungua faili. Zilikuwa mbili kweli. Aliyeandika faili la asili, kwenye mitari kadhaa, alibonyeza nafasi moja baada ya neno Mvomero. Jicho halioni kitu. Kwa kompyuta, "Mvomero" na "Mvomero " ni wilaya mbili tofauti, kila moja na ngazi yake. Mitari haikuwa imevunjika, ndiyo maana muhuri wangu ulikaa kimya. Kigezo cha kwanza ndicho kilichokuwa kichafu. Dawa yake ni safu mpya yenye `=TRIM(B2)`, ivutwe hadi chini, na upange kwa hiyo. Lakini ugonjwa wenyewe ulionwa na mwalimu, kwa macho, akiwa amesimama mbele ya ubao: fedha zikipanda katikati ya wilaya moja, kuna kitu.

Baada ya hapo nikaanza kutafuta miruko ya namna hiyo wilaya zote, na Kilosa nikakuta nyingine. Shule moja ilikuwa inaongoza wilaya kwa "900,000/=", juu ya shule zenye mamilioni. Ile alama ya `/=` iliigeuza namba kuwa maandishi, na Excel ikipanga kwa kushuka inayatanguliza maandishi kabla ya namba. Ukitazama kwa makini unaiona imeegemea kushoto mwa seli wakati wenzake wameegemea kulia. Na jumla za mwanzo nazo zilikuwa zimeiruka, kwa sababu `SUM` haihesabu maandishi, kwa hiyo hata ile jumla niliyojivunia kwamba inakubali ilikuwa na upungufu wa laki tisa.

Nikampigia mwalimu kumwambia natuma jedwali la tatu.

"Sawa," akasema. "Ila safari hii usitume kwanza. Nisomee kwenye simu, mstari mmoja mmoja, mimi nakuandika hapa."

Tulianza saa mbili usiku. Salio liliisha tukiwa Kilosa, akanipigia yeye.